Kanuni zote ninazijua, lakini alama ya toa inanimaliza

*Shikamoo Mwalimu,*

*Ninapoteza maksi nyingi kwenye maswali ya mwendo kwa sababu ya chanya na hasi. Swali lilikuwa hili: mpira umerushwa wima kwenda juu kwa 15 m/s kutoka juu ya jengo lenye kimo cha mita 20, utafika ardhini baada ya muda gani? Tuliambiwa tutumie g = 10. Nilichukua s = ut − ½gt², nikaweka g = −10 kwa kuwa mpira unapanda, nikapata sekunde 1. Nikakosa. Nikarudia kwa s = ut + ½at², a = −10, kalkuleta ikagoma kabisa. Jawabu ni sekunde 4.*

*Swali la kapi nalo: bloku ya kilo 6 iko juu ya mteremko laini wa 30°, imefungwa uzi unaopita kwenye kapi kileleni, upande wa pili unaning'inia mzigo wa kilo 4. Nilipata mchapuko wa 5 m/s², jawabu ni 1. Mwenzangu yeye huchukua chini kuwa chanya na anapata maksi zote. Sasa g ni chanya lini na hasi lini?*

*Mwanafunzi wa fizikia*

Marahaba.

g haiwi hasi hata siku moja. Herufi hiyo ni jina la ukubwa tu: 9.8, au 10 pale swali linapokuruhusu kukadiria. Kinachobeba alama ni a, yaani mchapuko, na alama yake haitokani na mpira kupanda au kushuka. Inatokana na mshale uliouchora wewe pembeni mwa karatasi kuonyesha upande upi ni chanya. Ukisema juu ni chanya, basi a = −g tangu mpira unapouacha mkono hadi unapogusa ardhi, hata pale unaposhuka. Ukisema chini ni chanya, a = +g kwa safari hiyo hiyo nzima. Mwenzako hajakosea kitu, na wewe ukichagua juu hutakuwa umekosea. Tatizo lako ni kwamba mshale haupo kwenye karatasi, kwa hiyo kila mstari unauchagua upya bila kujua.

Tuanze na ile sekunde 1, maana kosa lake halionekani kwa macho. Kanuni s = ut − ½gt² tayari ina uamuzi ndani yake. Aliyeiandika alishasema juu ni chanya, akaweka a = −g, na ile toa unayoiona katikati ndiyo alama ya mchapuko. Ulipoingiza g = −10 ukaleta toa ya pili juu ya ile ya kwanza. Toa kwa toa ikageuka jumlisha, na ulichokitatua ni hiki:

20 = 15t + 5t²

Huo ni mlinganyo wa mpira uliotupwa kwenda *chini* kwa 15 m/s kutoka kwenye jengo hilo hilo. Ukiupima kwa swali lake, sekunde 1 ni jawabu sahihi kabisa. Bahati mbaya swali hilo hukuulizwa. Ubaya zaidi ni kwamba ukiendelea kutafuta kasi ya kugonga ardhi utapata 25 m/s, na mpira wa swali lako nao unagonga kwa 25 m/s. Ungefurahi kwamba sehemu ya pili imekubali, ukaamini na ya kwanza iko sawa.

Kwa hiyo zile kanuni zenye g iliyokwisha kutolewa ziache. Baki na tatu zenye a peke yake: v = u + at, s = ut + ½at², na v² = u² + 2as. Hizi hazina uamuzi wowote ndani, zimejaa jumlisha tu. Ziandike kama zilivyo, kwa herufi, na alama iingie mara moja tu, pale namba inapochukua nafasi ya herufi. Herufi ya kitu usichokijua usiiwekee toa kabla. Iache wazi, hesabu yenyewe itakuambia alama yake.

Jaribio lako la pili lilikuwa karibu sana na ukweli. u = +15 sahihi, a = −10 sahihi. Kilichoharibu ni s. Uliona mita 20 kwenye swali ukaandika s = 20, kana kwamba s ni urefu wa jengo. Wala si urefu wa njia ambayo mpira umepita. s ni mahali mpira ulipo mwishoni, ukipima kutoka kwenye sifuri yako, kwa kufuata mshale wako. Sifuri iko mkononi mwa mrushaji, juu ya jengo. Ardhi iko mita 20 chini ya sifuri hiyo, na mshale unaelekea juu. Basi s = −20.

Na kalkuleta haikugoma bure. Ulipoweka s = +20 ulipata t² − 3t + 4 = 0, ambayo inadai kipeuo cha pili cha 9 − 16, yaani cha −7. Maana yake ni kwamba mpira haufiki kamwe mita 20 *juu ya* paa. Ni kweli, haufiki: kilele chake ni mita 11.25 juu ya mkono, utaipata kwa kuweka v = 0 kwenye kanuni ya tatu. Ukiona kipeuo cha namba hasi kwenye swali la mwendo, usianze kuchezea alama zote hadi ikubali. Jiulize kwanza, nimekipeleka kitu mahali ambapo hakiwezi kufika? Mara nyingi ni s iliyo upande usiofaa wa sifuri.

Hivi ndivyo karatasi inavyotakiwa kuonekana. Chora mshale mfupi wima, uandike (+) kwenye ncha yake. Weka nukta mkononi mwa mrushaji uandike 0. Kisha mstari mmoja wa thamani zote, kila moja na alama yake, hata jumlisha iandike:

u = +15 m/s, a = −10 m/s², s = −20 m, t = ?

Baada ya hapo ndipo kanuni:

s = ut + ½at²
−20 = 15t − 5t²
t² − 3t − 4 = 0
(t − 4)(t + 1) = 0

Sekunde 4 ndiyo jawabu. Ile t = −1 itupe, lakini usiitupe kama takataka, maana ina habari. Mlinganyo haujui kwamba mpira ulianza mkononi mwa mtu. Unaona mwendo mmoja usio na mwanzo, na unasema kwamba mpira huu ungekuwa umetoka ardhini wenyewe, ungekuwa umeondoka sekunde 1 kabla, kwa 25 m/s kwenda juu. Hesabu uone: baada ya sekunde 1 ungekuwa mita 20 juu, ukiwa na kasi ya 15 m/s. Ndiyo ile sekunde 1 yako ya mwanzo, imetokea upande wa pili wa sifuri.

Velositi ya kugonga ardhi: v = 15 + (−10)(4) = −25 m/s. Alama imejileta yenyewe, na inasema mpira unaelekea chini. Ukitumia kanuni ya tatu unapata v² = 225 + 2(−10)(−20) = 625, na hapo kuwa macho, kwa sababu kipeo cha pili kimemeza alama. Kalkuleta itakupa 25, wewe ndiye unayerudisha toa kwa kuwa unajua mpira unashuka. Swali likitaka kasi tu, andika 25 m/s. Likitaka velositi, andika 25 m/s kwenda chini. Kuandika "−25 m/s" bila mshale wowote kwenye karatasi ni kumwachia msahihishaji kubahatisha toa yako ina maana gani, na maksi ya mwelekeo inaweza kupotea hapo.

Sasa lile neno lako, "kwa kuwa mpira unapanda". Nadhani ndilo shina la yote. Umezoea kwamba mchapuko hasi ni kupunguza mwendo, basi kitu kikipunguza unaweka toa na kikiongeza unaitoa. Angalia mpira huu huu, juu ikiwa chanya. Sekunde ya 1 velositi ni +5, ya 2 ni −5, ya 3 ni −15, ya 4 ni −25. Kila sekunde imepungua 10, na a ni −10 muda wote. Kati ya sekunde ya 2 na ya 4 mpira unazidi kwenda kasi ilhali mchapuko wake ni hasi. Kinachoamua kama kitu kinaongeza au kupunguza mwendo ni kulinganisha alama mbili, ya v na ya a. Zikifanana kinaongeza, zikitofautiana kinapunguza. Alama ya a peke yake haisemi lolote kuhusu hilo. Hata pale kileleni, ambapo v = 0, a bado ni −10. Kama ingekuwa sifuri pale juu, mpira ungebaki umening'inia hewani.

Njia ya kulikata swali vipande viwili nayo inafaa: kupanda sekunde 1.5, kushuka mita 31.25 kwa sekunde 2.5, jumla 4. Ila wanaoitumia mara nyingi hugeuza mshale kileleni bila kuandika, kisha huchukua namba ya kipande cha kwanza na alama yake ya zamani kuipeleka kwenye kipande cha pili. Ukigeuza, chora mshale mpya na sifuri mpya. Usipotaka kuchora, usigeuze.

Twende kwenye kapi, ambapo kosa ni la aina nyingine. Naamini uliandika juu ni chanya kwa mzigo na juu ya mteremko ni chanya kwa bloku, kisha:

T − 40 = 4a
T − 30 = 6a

Hiyo 30 ni sehemu ya uzito wa bloku inayovuta kando ya mteremko, 60 × sin 30°, nayo ni sahihi. Kila mlinganyo ukiusoma peke yake hauna kasoro. Ukitoa wa kwanza kwenye wa pili, 10 = 2a, a = 5, na T inakuwa 60 N. Ndiyo 5 yako.

Kasoro iko kwenye herufi a iliyotumika mara mbili. Mlinganyo wa kwanza unasema mzigo unachapuka kwenda juu kwa a. Wa pili unasema bloku inachapuka kupanda mteremko kwa a hiyo hiyo. Zungusha kidole kwenye uzi uone: mzigo unapanda kuelekea kwenye kapi, bloku nayo inapanda kuelekea kwenye kapi. Ncha zote mbili zinasogelea kapi kwa pamoja, kwa hiyo uzi ungepaswa kufupika. Uzi wa maswali haya haurefuki wala haufupiki. Bloku ikipanda mteremko, mzigo lazima ushuke.

Tiba yake ni kuulaza mhimili kwenye uzi wenyewe. Chagua upande mmoja wa kutembea na uufuate hadi mwisho: kupanda mteremko, kuzunguka kapi, kushuka pamoja na mzigo. Upande huo wote ni chanya. Kwa bloku chanya ni kupanda, kwa mzigo chanya ni *chini*. Watu wengi huona ajabu kitu kimoja kuwa na juu chanya na kingine chini chanya kwenye swali moja, lakini mhimili ni mmoja tu, umepinda kwenye kapi.

T − 30 = 6a
40 − T = 4a

Jumlisha, T inajifuta, 10 = 10a, a = 1 m/s². Rudisha: T = 36 N. Hapo jikague kwa T, inachukua sekunde tano. Mzigo unashuka ukiongeza mwendo, kwa hiyo mkazo wa uzi lazima uwe chini ya uzito wake wa 40 N. Bloku inapanda ikiongeza mwendo, kwa hiyo mkazo lazima uzidi 30 N. 36 iko katikati, sawa. Ile 60 yako ingekushtua mara moja, maana uzi unaovuta 60 N hauwezi kuuachia mzigo wa 40 N ushuke.

Ukipenda kubaki na juu chanya kwa mzigo, inawezekana, ila uandike kwamba mchapuko wake ni −a, kisha T − 40 = 4(−a). Ni ule ule mlinganyo. Dalili ya kosa hili inaonekana hata kabla ya kuingiza namba: ukigawanya kwa *tofauti* ya tungamo, yaani 6 − 4, badala ya jumla yake, kuna alama imekosewa. Tungamo zote mbili zinasogea pamoja, kwa hiyo kani inazisukuma zote mbili. Fikiria bloku na mzigo vingekuwa na kilo sawa. Kwa njia yako ungegawanya kwa sifuri.

Swali lako halikuwa na msuguano, lakini utakutana nao, na hapo ule uhuru wa kuchagua upande una mpaka. Kwenye mteremko laini, ukikisia vibaya kwamba bloku inashuka, unapata a = −1 na unajua tu kwamba inapanda kwa 1. Mhimili umekusamehe. Weka sasa msuguano wa 4 N wakati bloku ikisogea, kuanzia ilipokuwa imetulia. Ukikisia bloku inashuka, msuguano unaelekea juu ya mteremko, na kwa mhimili uliogeuzwa unaandika 30 − 40 − 4 = 10a, a = −1.4. Ukigeuza alama kama ulivyozoea utasema inapanda kwa 1.4, na umekosa. Ikipanda kweli, msuguano unaelekea chini ya mteremko: 40 − 30 − 4 = 10a, a = 0.6.

Tofauti ni kwamba uzito hauangalii unakwenda wapi, uko chini daima. Msuguano unaangalia. Ukigeuza mwendo, nao unageuka, kwa hiyo alama yake haitokani na mhimili peke yake bali na mwendo pia. Basi kabla ya kuandika mlinganyo wenye msuguano, linganisha kwanza vivutaji bila msuguano: huku 40, huku 30, kwa hiyo bloku itataka kupanda. Kisha uangalie kama msuguano wa kutulia unaweza kuizuia hiyo tofauti ya 10 N. Ukiweza, hakuna mchapuko, a = 0, na swali limekwisha pale. Ukishindwa, ndipo uchore msuguano kinyume na mwendo. Na ukipata a hasi kwenye swali lenye msuguano la kitu kilichoanza kikiwa kimetulia, usiifute toa. Rudi kwenye mchoro, geuza mshale wa msuguano, andika mlinganyo upya.

Kwa sasa lifanye tena swali la jengo kwa mshale wa mwenzako, chini chanya, bila kutazama hesabu ya hapo juu. Mstari wa thamani unatakiwa kusoma u = −15, a = +10, s = +20, na ukipanga mlinganyo utaikuta t² − 3t − 4 = 0 ile ile, alama kwa alama. v itatoka +25 safari hii. Ikitoka tofauti, nitumie ule mstari wa thamani tu, kabla ya kanuni, na mshale ulivyouchora.

Mwalimu wako